Niliwafungulia dunia nzima mlango wa kwa mathe

Wengi mnanijua kwa zile video za jikoni, lakini ugali wangu kwa kweli unatoka kwa kuhariri harusi za watu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kitu cha maana nilichobaki nacho kilikuwa kompyuta ya mezani yenye nguvu. Iko kwa mathe, Thika. Mimi nakaa bedsita Nairobi na laptopu ndogo ambayo ukifungulia video nzito inalia kama mashine ya posho.

Nikaona niwe mjanja. Nitakaa Nairobi, nishike kompyuta ya Thika kupitia inteneti kwa ile Remote Desktop ya Windows. Nikaangalia video moja ya dakika sita, nikaingia kwa ukurasa wa ruta, nikatafuta Port Forwarding, nikaandika hivi:

```
Protocol: TCP
External port: 3389
Internal IP: 192.168.1.50
Internal port: 3389
```

Nikabonyeza Save. Ikashika mara moja, nikajiona injinia. Wiki tano baadaye nilikuwa nampigia bibi harusi simu nikimwambia video zake hazipo.

Sasa wacha niwaeleze kile nilichofanya pale, maana ile video haikuniambia.

Chukulia ruta yako ni askari wa geti la ploti. Nje ya geti kuna anwani moja tu, ile uliyopewa na kampuni ya inteneti. Ndani kuna nyumba nyingi: simu, tivi, kamera, kompyuta, kila moja na namba yake inayoanza na 192.168. Ukiwa ndani ukimtuma mtu nje, askari anaandika kwa daftari, na jibu likirudi anajua ni la nyumba gani. Lakini mgeni akifika tu kutoka nje bila kuitwa, askari hana jina lake popote, kwa hivyo anamwacha hapo nje. Ruta haikuwekwa hasa kuwa mlinzi, lakini kutojua ampeleke wapi mgeni kunakulinda sana.

Kufungua poti ni kumpa askari amri: yeyote akiuliza 3389, usimuulize jina, mpeleke moja kwa moja hadi mlango wa 50. Soma tena ile sheria yangu. Kuna namba ya mlango, kuna namba ya nyumba, lakini hakuna mahali pameandikwa ni nani anaruhusiwa. Ruta zingine zina nafasi ya kuandika anwani ya anayetoka nje. Yangu ilikuwa nayo, nikaiacha tupu, na tupu maana yake ni kila mtu duniani. Mimi nilidhani nimejifungulia mimi.

Hapo kuna swali ambalo hata mimi nilijiuliza: nani atanijua, kijana wa Thika? Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ananitafuta. Anwani za inteneti za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na kwa mashine hiyo si kitu. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inaitwa ZMap, na kwa kompyuta moja yenye laini ya gigabiti wakagonga poti moja kwa karibu anwani zote hizo ndani ya dakika 45. Kuna watu wanagonga hivyo mchana na usiku. Hawachagui nyumba. Wanapita kila mlango wakijaribu kitasa.

Nilipofungua Event Viewer kwa Windows, sehemu ya Security, nikakuta msururu wa namba 4625. Hiyo ni rekodi ya mtu aliyejaribu kuingia akakosa. Zilikuwa mia kadhaa kila saa, saa nane za usiku, saa kumi alfajiri, majina kama `administrator`, `admin`, `user`, `scanner`. Halafu usiku mmoja kukawa na 4624, yaani ameingia. Jina lililotumika: `test`.

Manze, hiyo akaunti ni mimi niliitengeneza. Siku naweka Windows nilitaka kujaribu kitu, nikaunda `test` na paswadi `test123`, nikaipa nguvu za msimamizi, nikasahau. Paswadi yangu mwenyewe ilikuwa ndefu na ngumu, na haikunisaidia chochote, kwa sababu ukifungua poti unaweka nje kila akaunti yenye ruhusa ya kuingia, hata ile umesahau.

Walifunga kila faili kwa ufunguo wao, wakaacha karatasi ya maandishi wakitaka bitcoin. Diski yangu ya akiba ilikuwa imechomekwa kwa kompyuta hiyo hiyo, nayo ikafungwa. Memori kadi nne za harusi, mbili nilikuwa nimeshazifuta kwa kazi iliyofuata. Sikulipa, sikuwa na pesa, na hakuna wa kunihakikishia wangefungua. Nilirudisha shilingi 15,000 za diposi, lakini sherehe ya kanisani ya mtu hairudi.

Na hiyo si yote. Aliyeingia kwa kompyuta tayari ako ndani ya geti. Kutoka pale angeweza kuona ukurasa wa ruta, kamera ya mlangoni na kila kitu kingine kilichoko kwa waifai ya mathe. Nilifungua poti moja, lakini nilichoweka hatarini ni nyumba yote.

Kuna mtu ataniambia, si ungebadilisha namba, uweke 33890? Nilishajaribu kwa wiki moja. Kelele ilipungua kidogo, ikarudi, kwa sababu wanagonga namba zote. Mwingine atasema paswadi ngumu inatosha. Mwezi wa Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro ya Remote Desktop iliyoitwa BlueKeep, kwa Windows 7 na za zamani. Hiyo ilimruhusu mtu kuingia kabla hata ya kuulizwa paswadi. Ukiwa umefungua poti, usalama wako ni ule wa programu iliyoko nyuma ya mlango, na sasisho ukichelewa nalo ni wewe na Mungu wako.

Siku hizi natumia WireGuard. Nayo ilinibidi nifungue poti moja, UDP 51820, lakini tofauti ni hii: mtu asiye na ufunguo akigonga, haijibu kabisa. Kwake ni kama hakuna mlango. Nikiwa na ufunguo wangu naingia kwanza, halafu ndio naifikia Remote Desktop nikiwa kama niko ndani ya nyumba. Kama ruta yako haipati anwani ya wazi, ambayo ni kawaida kwa laini nyingi za nyumbani, Tailscale inafanya kazi hiyo bila kufungua poti yoyote.

Leo jioni ingia kwa ruta yenu. Angalia orodha ya Port Forwarding, futa kila kitu ambacho huwezi kueleza kiliwekwa na nani. Halafu angalia UPnP, maana hiyo inaruhusu kamera au kifaa cha gemu kujifungulia poti bila kukuuliza. Mimi niliikuta imewashwa, na DVR ya kamera ya mlangoni ilikuwa imejifungulia poti mbili. Nimezizima zote. Mathe hakujua, na mpaka leo anadhani nilikuja Thika kumsalimia tu.