Hesabu Tuliyoifuta kwa Wino Mwekundu

Twataka kuwaeleza habari ya kosa letu wenyewe. Sisi tu walimu wawili wa somo la kemia katika shule moja ya wilaya ya Tarime. Miaka mingi tulifundisha jambo moja visivyo, wala hatukujua, mpaka binti mmoja wa kidato cha sita alipotuletea karatasi yake ya jaribio.

Swali lilikuwa juu ya maji mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa itoayo povu tukisafishia kidonda. La pili ni maji yaliyoyeyushwa iodaidi ya potasiamu. Vikikutana penye ukali kidogo wa siki, hutoka iodini, na mlingano wake huandikwa hivi:

H₂O₂ + 2I⁻ + 2H⁺ → I₂ + 2H₂O

Swali lilitoa jedwali la vipimo, likataka mwanafunzi aseme mwendo wa badiliko hili unafuata nini. Yaani, tukizidisha iodaidi mara mbili, je, kazi itakwenda mbio mara mbili, au mara nne, au haitabadilika? Jibu hilo huitwa daraja. Mwendo ukibaki vile vile, daraja ni sufuri. Ukizidi mara mbili, daraja ni moja. Ukizidi mara nne, daraja ni mbili.

Binti yule aliandika kwamba daraja la iodaidi ni moja. Sisi tulitazama mlingano, tukaona 2 mbele ya iodaidi, tukamfutia jibu lake kwa wino mwekundu, tukampa sufuri. Alikuja mezani petu kwa adabu, akasema, “Shikamooni, walimu. Naomba mnifundishe. Jedwali lasema moja, mlingano wasema mbili. Nami niamini lipi?”

Tulimjibu aamini mlingano. Lakini alipokwisha ondoka hatukuwa na amani, kwa maana hatukuwahi kulipima jambo lile kwa mikono yetu. Basi Jumamosi iliyofuata tulilipima, tukamwita yeye na wenzake watazame.

Tulichemsha unga kidogo wa muhogo katika maji mengi, tukayaacha yapoe. Maji hayo yakikutana na iodini hugeuka buluu iliyokoza kama wino. Lakini iodini huanza kutoka tangu dakika ile ya kuchanganya. Twawezaje kujua imetoka kiasi gani? Kwa hiyo huwekwa mlinzi, naye ni thayosalfeti ya sodiamu. Mlinzi huyu huila kila iodini itokayo na kuirudisha iwe iodaidi, hata yeye mwenyewe aishe. Akiisha tu, maji hugeuka buluu kwa ghafula. Mlinzi akiwa kiasi kile kile kila mara, basi buluu hutokea kila mara iodini ikiwa imetoka kiasi kile kile, na kazi yetu ni kutazama saa tu.

Mlinzi wetu alikuwa 0.001 ya moli katika kila lita. Chembe moja ya iodini huliwa na chembe mbili za mlinzi. Kwa hiyo buluu ilipotokea, iodini iliyokwisha toka ilikuwa 0.0005. Ukiigawa 0.0005 kwa sekunde ulizohesabu, umepata mwendo wa mwanzo. Twasema wa mwanzo kwa kuwa hata wakati huo peroksaidi imepungua kidogo mno. Katika kipimo cha kwanza ilipungua sehemu moja tu katika arobaini. Tungengoja zaidi, peroksaidi ingepungua sana, na mwendo tungaoupima usingekuwa wa kile tulichokitia.

Kipimo cha kwanza kilikuwa hivi: mililita 20 za iodaidi, 20 za peroksaidi, 10 za thayosalfeti, 10 za siki, 5 za maji ya muhogo, na maji matupu 35, jumla mililita 100. Katika cha pili tulizidisha iodaidi peke yake, katika cha tatu peroksaidi peke yake. Katika cha nne tulitia siki mara nne, maana asidi ya siki ni dhaifu, na ukiitia mara nne ukali wake huzidi karibu mara mbili tu. Jedwali letu ndilo hili. Iodaidi na peroksaidi zimeandikwa kwa moli katika lita:

| Kipimo | Peroksaidi | Iodaidi | Siki (mililita) | Sekunde |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 0.020 | 0.020 | 10 | 160 |
| 2 | 0.020 | 0.040 | 10 | 81 |
| 3 | 0.040 | 0.020 | 10 | 79 |
| 4 | 0.020 | 0.020 | 40 | 157 |

Msomaji na atazame nasi. Jedwali la namna hii halisomwi lote kwa pamoja. Husomwa mistari miwili miwili, ile ambayo kitu kimoja tu kimebadilika. Mstari wa 1 na wa 2: iodaidi imezidi mara mbili, na sekunde zimepungua zikawa kama nusu. Basi mwendo umezidi mara mbili, na daraja la iodaidi ni moja. Kama mlingano ungekuwa ndio mwamuzi, mwendo ungezidi mara nne, na buluu ingetokea kwa sekunde 40. Tulipofika sekunde ya 40 tuliinama juu ya chupa, na maji yalikuwa meupe. Sekunde ya 60 yalikuwa meupe bado. Binti yule hakusema neno.

Mstari wa 1 na wa 3 waonyesha kwamba daraja la peroksaidi nalo ni moja. Mstari wa 1 na wa 4 waonyesha kwamba ukali wa asidi haukuongeza neno la kuhesabiwa; daraja lake hapa ni sufuri. Kwa hiyo kanuni ya mwendo ni hii:

mwendo = k × [H₂O₂] × [I⁻]

Hiyo k ni namba thabiti ya mwendo. Kuipata si kazi: kwa mstari wa kwanza, 0.0005 kugawanya kwa 160 ni 0.0000031, ukigawanya tena kwa 0.020 mara 0.020, wapata 0.0078. Kipimo chake ni lita kwa moli kwa sekunde. Tulifanya hesabu hiyo kwa kila mstari, tukapata 0.0078, 0.0077, 0.0079 na 0.0080. Hapo ndipo mtu ajuapo kwamba madaraja yake ni ya kweli, maana mistari yote yatoa k moja. Tulijaribu pia kwa kanuni yetu ya zamani, iodaidi ikiwa na kipeo cha mbili. Namba ya mstari wa pili ikatoka nusu ya ile ya mstari wa kwanza. Namba ibadilikayo hivyo si thabiti.

Wanafunzi wengine walirudia kazi hiyo, wakatuambia daraja la iodaidi si moja wala si mbili, kwa kuwa sekunde zao zilikuwa 160 na 96. Tuliwauliza maji matupu walitia kiasi gani mara ya pili. Kumbe walikuwa wameongeza mililita 20 za iodaidi bila kupunguza maji, jumla ikawa mililita 120, na kila kitu ndani yake kikazimuliwa. Basi walidhani wamebadilisha kitu kimoja, kumbe wamebadilisha vyote. Ukiona daraja lenye sehemu isiyoeleweka, kwanza hesabu jumla ya mililita.

Lakini kwa nini mlingano ulitudanganya? Haukutudanganya, sisi tuliuuliza neno usilolijua. Fikirini josho la ng'ombe. Mtu akihesabu ng'ombe walioingia na waliotoka, amejua idadi yao, wala hajajua ni upesi gani wanapita. Upesi huamuliwa na ule ujia mwembamba wanamopita mmoja mmoja. Uwanja wa kutokea ukiwa mpana namna gani, hauharakishi kitu. Badiliko letu nalo lina ujia wake: kwanza chembe moja ya peroksaidi hukutana na chembe moja ya iodaidi, na hatua hiyo ni ya polepole. Iodaidi ya pili na asidi huingia baadaye, katika hatua za mbio. Mlingano wahesabu ng'ombe wote. Jedwali laonyesha ujia. Asidi ikiwa kali sana, hufunguka ujia wa pili ambao asidi nayo hupita, na hapo daraja lake si sufuri tena. Kwa hiyo kanuni yetu ni ya maji yenye ukali mdogo kama wa siki.

Jambo hili si geni. Harcourt na Esson walipima badiliko hili hili la peroksaidi na iodaidi huko Uingereza katika miaka ya 1860. Sisi tulikuwa nyuma yao zaidi ya miaka mia na hamsini.

Tulimwandikia mwenzetu afundishaye Mugumu, wilaya ya Serengeti, naye akapima. Akatuletea jibu kwamba madaraja ni yale yale, ila k yake ni 0.0144, karibu mara mbili ya yetu. Tulidhani peroksaidi yetu imechakaa, kwa maana chupa ikikaa wazi dawa hiyo hupoteza nguvu. Naye alidhani saa yake ina kasoro. Basi tulivuka Mto Mara na chupa zetu, tukapima pamoja naye alasiri. Kipimo cha kwanza kiligeuka buluu kwa sekunde 87, kwa dawa zetu wenyewe! Ndipo mmoja wetu alipotia kipimajoto ndani ya maji. Kilisoma nyuzi 28. Kule Tarime tulipima asubuhi na mapema, maji yakiwa nyuzi 20. Basi hakuna aliyekosea. Namba k ni thabiti kwa joto moja tu, na mtu aiandikaye bila kutaja nyuzi za joto hajamwambia mwenzake kitu. Madaraja hayakubadilika kwa kuvuka mto.

Jumatatu tulisimama mbele ya darasa, tukaeleza kosa letu, tukaifuta ile sufuri na kumpa binti alama zake zote. Alisema, “Asanteni, walimu,” akakaa. Lakini wako wengine waliotoka mikononi mwetu miaka iliyopita, wakaingia katika mtihani wa taifa wakiwa na kanuni yetu mbaya. Tumewaandikia wale tunaojua wanakokaa. Wasiopata barua yetu, kama gazeti hili litawafikia, na walipime jambo hili kwa siki, muhogo na saa, wapate kuona wenyewe maji yakibaki meupe sekunde ya 40.