Chuku Ikihamia Katika Nathari

Wazee walipiga chuku kwa maana mbili. Chuku ni pembe ya kuumikia, inayonyonya damu hata ngozi ikavimba. Na chuku ni kutia chumvi katika maneno hata jambo dogo likavimba vivyo hivyo. Sisi watunzi tunaipenda hiyo ya pili. Mshairi akisema machozi yake yamejaza mto, hakuna msikilizaji atakayekwenda kuupima mto huo. Wote wawili wanajua kwamba kinachopimwa ni huzuni.

Katika nathari mapatano hayo hayapo, nami nililitambua hilo nyumbani kwetu Bungu, juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Nilikuwa nimeombwa utangulizi wa diwani ndogo ya mashairi ya watu wa huko. Niliuandika kwa usiku mmoja, nikajisifu moyoni, na asubuhi nikaupeleka kwa mzee aliyenifundisha kusoma.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Keti. Nisomee mwenyewe, macho yangu yamechoka.”

Nikasoma. Sentensi ya kwanza ilikuwa: “Shaaban Robert, mwana wa Tanga, ndiye aliyeanzisha ushairi wa Kiswahili.” Mzee akainua kidole.

“Hiyo *ndiye* umeitia ya nini? Ungesema *ni mmoja wa*, ungekuwa umemtaja mtu. Ukisema *ndiye*, umewatoa wengine wote chumbani. Je, Muyaka ametoka? Mwana Kupona ametoka?”

Sikuwa na jibu. Muyaka bin Haji aliitikisa Mombasa kwa mashairi yake mwanzoni mwa karne ya 19. Utendi wa Mwana Kupona nao ni wa karne hiyo hiyo, na Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate, umebeba tarehe ya mwaka 1728. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Hayo yote niliyajua. Sikukosa elimu, nilikosa kuiuliza sentensi yangu inamfukuza nani.

Haraka nikachukua kalamu, nikaandika: “Huenda Shaaban Robert ni miongoni mwa watu ambao, kwa kiasi fulani, waliuendeleza ushairi.” Mwalimu akacheka hadi akakohoa. “Sasa umesema kweli, lakini hujasema kitu. Maneno hayo yanamfaa mtunzi yeyote. Yeye alifanya nini ambacho ukikisema hakuna atakayekupinga?”

Hapo ndipo nilipoanza kuifahamu kazi yenyewe. Nilidhani ukweli ni kuishusha sauti, kumbe ni kulisogeza dai mpaka lisimame juu ya kitu ninachoweza kukionyesha. Sentensi ikawa hivi: “Shaaban Robert alipozaliwa, ushairi wa Kiswahili ulikuwa na umri wa karne kadhaa. Yeye aliuchukua urithi huo, akauwekea nathari ya kuulingana. Na mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, akachapisha Kusadikika, akamsimamisha Karama mbele ya mahakama ya nchi ya kubuni, ashitakiwe kwa kufundisha sheria.” Humo hamna *huenda* hata moja, wala hamna aliyefukuzwa. Na tazama, sasa mtu huyo ameonekana. Katika sentensi ya kwanza alikuwa sanamu tu.

Dai la pili lilikuwa la fahari ya mkoa: “Tanga ndiko kwenye chimbuko la Kiswahili sanifu.” Safari hii niliikamata *ndiko* mwenyewe, lakini niligundua kwamba kuiondoa hakutoshi. Lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji ni Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoisimamia kazi hiyo iliundwa mwaka 1930. Lahaja ya pwani yetu, Kimtang'ata, haikuchaguliwa. Dai hili halikuwa limevuka mpaka kidogo. Lilikuwa uongo, na uongo haurekebishwi kwa kupunguzwa ukali. Unafutwa, kisha unajiuliza ulikuwa ukitaka kusema nini. Nami nilikuwa nikitaka kusema kwamba tuna haki ya kujivuna. Basi nikaandika: “Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Tanga haikukizaa, ilimtoa mwandishi aliyeonyesha, kitabu baada ya kitabu, kinavyoweza kubeba fikra nzito.” Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Neno *haikukizaa* liliipa nguvu sentensi iliyofuata, kwa kuwa msomaji akikuona unakiri usichokuwa nacho, hukuamini unapotaja ulicho nacho.

Likabaki dai la tatu, nililolipenda kuliko yote, kwa sababu nililiandika kwa uchungu: “Watoto wa Bungu hawajui tena Kisambaa. Ukiwasalimu kwa lugha ya mama zao, hujibu kwa Kiswahili.”

“*Hujibu*,” alirudia Mwalimu polepole. “Wangapi? Mara ngapi?”

Kiambishi *hu-* hakina wakati, na ndiyo maana kinatudanganya kirahisi. Jambo lililotokea jana mara moja, ukilivisha *hu-*, linakuwa desturi ya miaka yote. Njia ya kukijaribu ni kukiondoa na kuweka *-li-*, kisha kutazama kama bado una la kusema. Nikajaribu. Nilichokiona kilikuwa hiki: alasiri ya juzi yake, mbele ya duka, niliwasalimu watoto wanne kwa Kisambaa, na wote wanne waliitikia kwa Kiswahili. Basi. Watoto wanne, alasiri moja. Na hao ndio niliowageuza kuwa “watoto wa Bungu”.

“Uliwauliza nini baada ya salamu?”

“Niliwauliza wanatoka wapi, Mwalimu. Wakasema wametoka kuteka maji.”

“Uliwauliza kwa Kisambaa?”

“Kwa Kisambaa.”

Akanyamaza, akaniachia nilitafute mwenyewe. Wangewezaje kunijibu barabara kwa lugha moja, kama hawakuielewa ile nyingine niliyowauliza? Ushahidi wangu ulikuwa ukilikanusha dai langu, nami sikuusikia, kwa sababu nilikwisha kuamua kuomboleza.

“Wajukuu wangu,” akasema, “humu ndani wanagombana kwa Kisambaa tangu alfajiri. Lakini mgeni akija na viatu vya mjini, wanamheshimu kwa Kiswahili.”

Nilivitazama viatu vyangu. Miaka mingi nimeishi nje ya milima hii, na Kisambaa changu, nadhani, kimeanza kuwa na lafudhi ya mtu anayekumbuka.

Ningeweza kuifuta aya yote. Sikuifuta, kwa kuwa uchungu wake ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nimewabandika watoto, nao haukuwa wao. Niliiandika upya hivi, na ndivyo ilivyopelekwa kwa mchapaji: “Mwaka huu niliwasalimu watoto wanne wa Bungu kwa Kisambaa. Walinielewa, wakachagua kunijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa waliniona mgeni. Sijui nini kitaipata lugha yetu. Najua kwamba siku ile, mbele ya duka lile, aliyekuwa akiipoteza nilikuwa mimi.”

Mwalimu aliomba nimsomee tena aya hiyo ya mwisho. Nilipomaliza, alinijibu kwa Kisambaa.