Dola 80 Zilizojificha

Mimi hupanga kurasa za vitabu mjini Lubumbashi. Sina mtambo wa uchapaji. Hupeleka kazi kwa mchapaji, nikamlipa, kisha mteja hunirudishia fedha hizo.

Shule moja ya Likasi iliniagiza vijitabu 200. Mchapaji alinidai dola 2 kwa kila kimoja, yaani dola 400. Katika fakitire yangu niliandika mistari miwili tu: kupanga kurasa, dola 150, uchapaji, dola 480. Jumla ilikuwa dola 630. Zile dola 80 za ziada hazikuwa za wizi moyoni mwangu: dola 20 zilikuwa nauli ya safari mbili za Likasi, na dola 60 zilikuwa malipo ya usumbufu wangu. Lakini nilizificha chini ya neno «uchapaji».

Baada ya wiki chache mhasibu wa shule akakutana na mchapaji, akajua bei ya kweli. Alinipigia simu, akauliza swali moja: «Ndugu, hizi 80 ni za nani?» Nilijieleza, lakini maelezo yanayokuja baada ya kugunduliwa hufanana na uongo.

Mwaka uliofuata nilimwomba anijaribu tena. Safari hii nilimpelekea makadirio kabla ya kuanza kazi, yenye mistari minne: kupanga kurasa, 150, uchapaji, 400, kwa bei ya mchapaji, nauli, 20, bila nyongeza, na nyongeza ya asilimia 15 juu ya uchapaji, 60. Chini yake niliandika sababu ya nyongeza: namlipa mchapaji kwa fedha zangu kabla shule haijanilipa, nakagua kurasa za majaribio na kuhesabu nakala, na kosa likipita mikononi mwangu, nachapisha upya kwa hasara yangu. Nauli sikuiongezea kitu, kwa kuwa haina hatari ninayoibeba.

Niliongeza sharti moja: shule ikipenda kumlipa mchapaji yenyewe, nyongeza inaondoka, lakini ukaguzi na hasara ya makosa vinakuwa vyake.

Mhasibu alisoma, akachagua niendelee kubeba mimi. Kazi ilipokwisha niliambatanisha risiti ya mchapaji na tiketi za basi. Teksi ya kubebea mzigo haikutoa risiti, na sikuwa nimeitaja katika makadirio. Basi niliilipa mwenyewe. Tangu hapo huitaja mapema kwa kiasi tulichokubaliana, na siku ya safari huandika daftarini tarehe, njia na fedha.

Jumla ilikuwa dola 630, ileile ya mwanzo. Mara ya kwanza ilinipotezea mteja kwa mwaka mzima. Mara ya pili ililipwa siku ileile, bila swali.