Swali la Wamonaki wa Hadrumeto



Sisi tuandikao mistari hii ni katekista hapa Kipese, na kwa masomo yetu ni mwalimu. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mtoto wa darasa la tatu aliyegongwa na pikipiki. Mwendeshaji alikuwa amelewa, na kijiji chote kilijua. Kwenye kilio tulipewa nafasi ya kusema neno, nasi tukawaambia wazazi kwamba Mungu alikuwa ameipanga siku ile tangu milele. Tulidhani twawafariji. Siku chache baadaye yule mwendeshaji alikuja kuomba radhi, akasema: "Ilikwisha pangwa, nisingeweza kuizuia. Hata mwalimu alisema." Mama wa mtoto alitutazama, asiseme kitu. Ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumeiondoa dhambi mabegani mwa mlevi na kumtwika Mungu.

Tangu siku ile tulianza kuchunguza jinsi Kanisa lilivyopata kusema juu ya uteule wa Mungu na hiari ya mwanadamu. Tulikuta kwamba swali letu liliwahi kuulizwa na Waafrika, tena na watu wa kawaida, miaka 1600 hivi iliyopita.

Mwanzoni mwa karne ya 5 palikuwa na mmonaki aitwaye Pelajio, mzaliwa wa Britania, aliyefundisha mjini Roma. Aliwaona Wakristo wakijitetea kwa udhaifu wao, naye akachukizwa. Akafundisha kwamba kila mtu aweza kuzishika amri za Mungu kwa nguvu ya hiari yake mwenyewe. Kwake yeye, neema ilikuwa hasa hiari tuliyoumbwa nayo, sheria, mfano wa Kristo na maondoleo ya dhambi. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipona, mji uitwao leo Annaba nchini Aljeria, alimpinga. Alisema kwamba hiari ipo, lakini imejeruhiwa kwa dhambi ya Adamu. Haiwezi kupenda mema ipasavyo Mungu asipoigusa kutoka ndani. Mwaka 418 Mtaguso wa Kartago uliyakataa mafundisho ya Pelajio.

Katika vita hivyo Augustino alimwandikia barua padri mmoja wa Roma, jina lake Sisto, ambaye baadaye alikuwa Papa. Humo alisisitiza kwamba hata mastahili yetu ni zawadi za Mungu. Miaka ilipita. Mmonaki mmoja aitwaye Floro, wa monasteri ya Hadrumeto, mji ambao leo ni Susa nchini Tunisia, aliikuta barua hiyo alipokuwa safarini, akainakili na kuipeleka kwa ndugu zake. Walipoisoma waligawanyika. Wengine walielewa kwamba neema yaiponya hiari. Wengine walidhani kwamba hiari haipo tena, na kwamba siku ya hukumu Mungu hatamlipa mtu kwa matendo yake. Abati wao, Valentino, hakuweza kuwatuliza. Yapata mwaka 426 vijana wawili wa monasteri hiyo walisafiri hadi Hipona kumwuliza mzee Augustino mwenyewe.

Augustino hakuwafukuza. Alikaa nao hadi Pasaka, akasoma pamoja nao, akawaandikia kitabu juu ya neema na hiari. Njia yake ndiyo iliyotufaa sana sisi walimu. Kwanza alionyesha kwamba Maandiko yamejaa amri. Nani atamwamuru asiye na hiari? Kisha akaonyesha kwamba Maandiko hayo hayo yatufundisha kuomba yale yale tuliyoamriwa. Nani ataomba kile anachokiweza peke yake? Basi amri yathibitisha hiari, na sala yathibitisha neema. Anayeshika moja na kuacha nyingine hasomi Maandiko yote.

Hata hivyo, kitabu kilipofika Hadrumeto likazuka neno jingine. Mtu mmoja alisema: kama kutenda mema ni zawadi ya Mungu, basi wakubwa wetu wasitukemee tukikosa, watuombee tu. Ndugu zangu, huyo alikuwa akisema maneno ya mwendeshaji wetu! Augustino aliandika kitabu cha pili, juu ya karipio na neema. Alijibu kwamba kosa ni lako wewe, kwa sababu ulilitaka. Kwa hiyo wastahili kukaripiwa. Tena karipio lenyewe laweza kuwa chombo ambacho kwacho Mungu aamsha toba, kama dawa chungu mkononi mwa mganga. Na kwa kuwa hatujui nani ni mteule, yatupasa kumkaripia kila akosaye kwa upendo, tukitaka kila mmoja aokoke.

Lakini lilibaki jambo zito. Kwa nini Mungu humjalia mmoja kudumu hadi mwisho, na mwingine hapana? Augustino alikiri kwamba hajui, akainama mbele ya kina cha hekima ya Mungu. Wamonaki wa Marsilia, kusini mwa Ufaransa ya leo, hawakuridhika. Waliona kwamba mafundisho hayo yangewavunja moyo wanaojitahidi. Augustino aliwajibu kwa vitabu viwili, kisha akafa tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiuzingira mji wake.

Kanisa lilipokea mengi kutoka kwake, lakini halikupokea yote. Mwaka 529 Mtaguso wa Oranje, ulioongozwa na Sesari Askofu wa Arle, ulitamka kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema. Hapo hapo ulilaani wazo kwamba Mungu amewapangia watu fulani uovu. Karne kumi baadaye, Kalvino alipofundisha kwamba Mungu amewaandikia wengine upotevu tangu milele, Mtaguso wa Trento, mwezi wa Januari 1547, ulieleza kwamba neema hututangulia, nayo hiari yaweza kuikubali au kuikataa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 600, yasema kwamba nyakati zote ziko mbele ya Mungu kwa pamoja. Kwa hiyo mpango wake wa milele wajumuisha jibu la hiari la kila mtu. Mungu huruhusu tendo ovu, lakini uovu wake hautoki kwake.

Tulipokwisha kuelewa hayo, tulimwendea yule mwendeshaji. Tulimwambia kwamba tulikosea kwenye kilio, na kwamba Mungu hakumnywesha pombe wala hakumpandisha pikipiki. Alikasirika. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akalia. Tulimsindikiza hadi kwa padri kwa ajili ya kitubio.

Kwa mama wa mtoto tulienda siku nyingine. Tulimwambia kwamba Mungu hakutaka ulevi ule uliomwua mwanawe. Alituuliza: "Basi kwa nini hakuizuia ile pikipiki?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba hata Augustino alifika mahali pa kunyamaza, tukabaki kimya pamoja naye, kisha tukasali. Leo, tukipewa neno kwenye kilio, hatusemi tena kwamba Mungu ameandika kifo kilichotokana na dhambi ya mtu. Twasema kwamba Mungu analia nasi, na aliyekosa twamwita atubu.