Ukuta mmoja usiwe ngazi

Wengi wenu munajua ile michezo ya ordinatere ambamo mtu mdogo anakimbia kushoto na kuume na kuruka. Katika mingine, akigusa ukuta angani, anateleza pole pole, tena anaweza kuruka kutoka palepale. Sisi tunaotengeneza mchezo wa namna hii tuko na swali moja: tumzuie namna gani asipande ukuta mmoja bila mwisho? Katika Mega Man X ya 1993 hiyo inaruhusiwa. Lakini kwetu ufunguo uko juu ya shimo lenye kuta mbili. Akipanda kwa ukuta mmoja, ule wa pili ni bure.

Kuteleza si kazi ngumu. Anapogusa ukuta na mshale umeelekea ukuta, mwendo wake wa kushuka usipite nukta 60 kwa sekonde. Mpaka huo ni wa kushuka tu. Ukiuweka hata wakati anapopanda, kuruka kutakatika.

Sasa kuruka. Tunamtupa juu kwa nukta 300 kwa sekonde, na mbali na ukuta kwa 150. Uzito unamvuta, na kimo chake baada ya sekonde t ni hiki:

```
h = 300*t - 450*t*t
```

Mchezaji mjanja anageuza mshale mara moja. Sekonde 0.1 inasimamisha ule mwendo wa pembeni, 0.1 nyingine inamrudisha ukutani. Weka t = 0.2: yuko nukta 42 juu ya pale alipoanza. Anaruka tena, na tena, mpaka kwenye ufunguo.

Dawa ya kwanza ni kufunga mshale kwa muda kidogo kiisha kuruka. Tukiufunga sekonde 0.2, anaenda mbali zaidi na kurudi kwa 0.6. Hesabu inasema bado amepata nukta 18! Kwa sababu anashuka kwenye kimo cha kwanza kwa sekonde 0.67, lazima arudi kiisha hapo. Tukifunga 0.25, anarudi kwa 0.7, yuko nukta 10.5 chini. Basi kila kuruka kunamshusha. Akigusa ukuta wa pili, mshale ufunguliwe papo hapo.

Lakini ukibadilisha uzito kesho, hesabu yote inageuka. Tena kufunga sana kunamfanya mchezaji aone mshale umekufa. Kwa hiyo kuna dawa ya pili: mchezo ukumbuke upande wa ukuta alioruka mwisho, kushoto ao kuume, na ukatae kuruka tena upande ule mpaka aguse chini ao upande wa pili. Kuteleza kunabaki. Angalia, kumbuka upande, si tofali: ukuta umejengwa kwa matofali mengi, na mchezo ukikumbuka tofali moja, lile la juu yake litahesabiwa ukuta mpya, naye atapanda tu.

Ukitaka kujua kama mlango umefungwa, shika ukuta mmoja, jaribu kuruka mara 10, kisha tazama kama umepita kimo cha kuruka kwa kwanza.