Zaburi ya Msafiri wa Pekee

Nyimbo zetu nyingi za kwaya hazikutungwa ziimbwe na mtu mmoja. Hapa Lubumbashi tumezoea mwanzilishi atoe sauti, umati uitikie, na ngoma ijaze nafasi iliyobaki. Ukimwondoa mwitikiaji, nusu ya wimbo imekwenda naye. Ndiyo maana kijana anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza hugundua ugenini kwamba wimbo aliouimba kwa nguvu parokiani unakatika kinywani mwake: amefika mahali pa kuitikiwa, na hakuna wa kuitikia.

Mpwa wangu alipopata nafasi ya masomo Ubelgiji, alinijia akasema, “Mjomba, nifundishe wimbo wa kunitia moyo njiani. Ile Zaburi ya 91 mama anayoipenda, mimi huipoteza katikati.” Sikushangaa, maana ina aya 16. Nikamchagulia Zaburi ya 121, yenye aya 8 tu, ambayo tangu asili ni wimbo wa njiani.

Zaburi hiyo ni mojawapo ya zile 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zinazoitwa nyimbo za kupanda. Wengi huzihusisha na mahujaji waliokwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Aliyetoka upande wa Yeriko alipanda kwa miguu kiasi cha meta 1,000, katika njia kavu yenye mabonde ambamo wanyang’anyi waliweza kujificha. Bwana Yesu mwenyewe aliiweka habari ya Msamaria mwema katika njia hiyo. Kwa hiyo nasoma zile aya za kwanza kwa tahadhari. Tumezoea kuiona milima hiyo kama faraja. Mimi naona msafiri anaitazama kwa wasiwasi, kisha anauliza msaada wake utatoka wapi. Ujasiri wa wimbo huu unaanza kwa mtu kuitaja hofu yake.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niuchague. Katika aya ya 1 na ya 2 anayesema ni “mimi”. Kuanzia aya ya 3 anayesemeshwa ni “wewe”. Sauti imebadilika: mtu mwingine, huenda kuhani, huenda mzazi anayebaki nyumbani, anamjibu anayeondoka. Na katika jibu hilo kitenzi cha kulinda kinarudi mara 6, kwa mchana na kwa usiku, kwa kuondoka na kwa kurudi. Basi huu nao ni wimbo wa kuitikiana. Je, msafiri wa pekee atamtoa wapi mwitikiaji?

Tulifanya hivi. Aya 8 zinagawanyika vizuri katika jozi 4. Jioni tatu mfululizo, jamaa walipokutana kwa sala, mpwa wangu aliimba jozi ya kwanza peke yake. Mama yake alijibu kwa jozi ya pili, nyanya yake kwa ya tatu, nami nikamaliza. Jioni ya nne tulinyamaza, yeye akaimba zote. Alipofika aya ya 5 alicheka, kwa sababu bila kutaka aliivuta silabi ya mwisho kama nyanya yake anavyoivuta. Hapo nilijua wimbo umeingia.

Ilibaki kazi ya koo. Kwaya huanza juu, na sauti nyingi hubebana. Mtu aliye peke yake, mwenye hofu, pumzi yake ni fupi. Nikamwambia abebe sanduku lake lililojaa, atembee uani akiimba. Pumzi ilikatika kabla ya nusu ya aya. Tukashusha sauti ya kuanzia, tukajaribu tena, tukashusha tena, mpaka kila nusu ya aya ikatoshea katika pumzi moja, na kituo kidogo katikati. Kisha nikamtaka aiimbe midomo ikiwa imefumbwa, kwa kuwa katika ndege hataimba kwa sauti karibu na mgeni aliyelala.

Kwa usiku nilimwongezea Zaburi ya 131, aya 3 tu, yenye mfano wa mtoto aliyetulia kwa mama yake. Haidai nguvu yoyote, nayo inamfaa mtu aliyechoka asiyeweza kulala. Zaidi ya hizo mbili sikumpa. Mwenye nyimbo kumi alizojifunza kwa haraka hana hata mmoja anapoitwa mbele ya afisa wa mpaka.

Alinitumia ujumbe kutoka Addis Ababa, alipokuwa akingoja ndege ya pili. Jozi ya kwanza, aliandika, ilimtoka vibaya na kwa kutetemeka. Ya mama yake ilikwenda sawasawa. Nikamjibu kwamba akikuta huko kitabu cha zamani cha Kilatini, aitafute zaburi yake kwenye namba 120, maana hesabu yao imepungua moja.