Umedanganya

Mchezo nilioutunga nikiwa mwaka wa pili ulikuwa mdogo: kinu cha kusaga mihogo. Mchezaji ananunua kinu, kinu kinasaga, faranga zinaingia, naye anafunga mchezo na kwenda kulala. Asubuhi anakuta mali. Wengi wanaamini kwamba kinu kimesaga usiku kucha. Sivyo. Programu ikiisha kufungwa, hakuna kinachotembea ndani yake. Inaandika tu saa ya kufungwa, na siku ya kufunguliwa inafanya hesabu moja.

Kinu changu kilileta faranga 3 kila sekunde. Ukifunga saa nne za usiku na kufungua saa kumi na mbili za asubuhi, zimepita saa 8, yaani sekunde 28,800, unapewa faranga 86,400. Niliweka mpaka hapohapo kwenye saa 8, ili aliyepotea wiki nzima asirudi tajiri:

```
sekunde = (sasa - mwisho) / 1000
pato = 3 * min(max(sekunde, 0), 28800)
```

Thamani ya `sasa` niliichukua kwa `System.currentTimeMillis()`, inayohesabu milisekunde tangu 1 Januari 1970 bila kujali saa za mahali. Kwa hiyo anayetoka Kinshasa kuja Lubumbashi, ambako saa iko mbele kwa moja, hapati faranga za bure. Nilijivuna sana kwa hilo.

Mdogo wangu alihitaji siku moja tu kunivua kiburi. Alisogeza tarehe ya simu hadi kesho, akafungua mchezo, akachukua 86,400. Akarudisha tarehe, akafungua: sifuri. Ni sawa, nilifikiri, ile `max` imemzuia. Lakini katika kufungua huko programu ilikuwa imeandika saa ya leo kuwa `mwisho` mpya. Akasogeza tena kesho, akachukua tena. Jioni alikuwa na vinu kumi na viwili.

Nikaziba tundu: `mwisho` isirudi nyuma kamwe. Simu ikionyesha saa iliyo nyuma ya ile kubwa iliyowahi kuandikwa, hakuna malipo, na kwenye kioo linatokea neno moja: *Umedanganya*.

Wiki mbili baadaye neno hilo lilimtokea. “Yaya, sikugusa kitu,” akasema. Nilimcheka mbele ya rafiki zake na kumwita mwizi. Alinyamaza, kisha akaufuta mchezo.

Siku ya tatu, nikitafuta picha katika simu ileile, niliona tarehe: 1 Januari 2015. Simu ilikuwa kuukuu, haina kadi ya mtandao, na umeme ulikuwa umekatika siku mbili mpaka betri ikaisha kabisa. Nilitoa betri usiku mmoja, nikairudisha asubuhi. Tena 1 Januari 2015. Mwongo husogeza saa mahali panapomfaa. Simu iliyokufa inarudi kila mara pale ilipozaliwa. Ningeangalia tarehe kabla ya kufungua kinywa, ningejua.

Kosa lilikuwa kuuliza saa ya kalenda swali lisilo lake. Simu za Android zina saa nyingine, `SystemClock.elapsedRealtime()`, inayohesabu tangu simu ilipowashwa, hata ikilala kioo kikiwa kimezimika. Mchezaji hawezi kuisogeza katika mipangilio. Sasa naandika hiyo pia wakati wa kufunga, na kama simu haikuzimwa katikati, nalipa kwa tofauti yake peke yake. Kalenda iseme itakavyo.

Simu ikizimwa na kuwashwa, hesabu hiyo inaanza sifuri. Kuona namba imekuwa ndogo kuliko ya jana hakutoshi, kwa sababu simu iliyowashwa upya inaweza kukaa muda mrefu na kuipita. Kwa hiyo naandika pia `Settings.Global.BOOT_COUNT`, idadi ya mara simu ilivyowashwa. Ikiongezeka, pato linawekwa pembeni mpaka mtandao upatikane na seva iseme ni saa ngapi. Kwetu mega zinanunuliwa kwa kuhesabu, basi kuna watakaongoja. Sikupata njia iliyo bora. Kulipa bila ushahidi ni kumfundisha mdogo wangu kuzima na kuwasha simu mara ishirini kwa siku.

Lililonichukua muda zaidi kuliko hesabu zote ni lile neno. *Umedanganya* lina nafsi ndani yake, *u-*, wewe. Linamwona mtu mahali ambapo programu imeona namba mbili tu zisizolingana. Nililiondoa. Nikaandika *Saa ya simu imebadilika*, kwa ile *-ik-* isiyomtaja mtendaji, na chini yake: *Pato lako linangoja mtandao.*

Nilimpelekea mdogo wangu toleo jipya. Aliliweka katika simu, akasoma sentensi hizo mbili, akauliza kama vile vinu kumi na viwili vitarudi.